Somo la Afya Kazini: Bawasiri, Gunia na Simu Chooni



Somo letu la safari hii linahusu ugonjwa ambao wengi wanao na wachache wanausema. Mkutano wa tawi ukifungwa, watu wakianza kutawanyika, ndipo mwanachama mmoja humvuta mjumbe pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu, nina bawasiri. Ni haya magunia? Niache kazi?"

Majibu anayopewa ni mengi, na hayapatani. Makuli wenzake humwambia kwamba ni mzigo. Nyapara humwambia kwamba ni simu, kwa kuwa watu siku hizi wanakaa chooni nusu saa wakitazama simu. Mwingine aliyefika zahanati huambiwa apunguze unene. Asiyejua amfuate nani hukaa kimya, akaendelea kuvuja damu mwezi hata mwezi.

Leo tutayapima mambo hayo matatu, yaani mzigo mzito, kukaa chooni muda mrefu, na unene. Tutauliza kila moja linaifanya nini bawasiri, na lipi lina uzito kuliko jingine. Msomaji mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadili maswali yaliyo mwisho.

1. Bawasiri ni nini

Kila mtu, mzima na mgonjwa, ana vifuko vidogo vyenye mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, karibu na mlango wake. Kwa kawaida vifuko vikubwa ni vitatu. Kazi yake ni kama ile ya mpira unaowekwa kwenye mdomo wa bomba: husaidia mlango ufunge vizuri, ili hewa na maji ya tumboni yasivuje ovyo. Kwa hiyo vifuko hivyo si ugonjwa.

Ugonjwa huanza vifuko vinapojaa damu, vikavimba, na nyuzi zinazovishikilia ukutani zikalegea. Hapo vifuko huanza kuteremka. Mwanzoni hubaki ndani, na dalili ni damu tu, nyekundu mbichi, inayodondoka au kuonekana juu ya choo, mara nyingi bila maumivu. Hatua ya pili, vifuko hutokeza nje mtu anapojisaidia, kisha hurudi vyenyewe. Hatua ya tatu, havirudi mpaka mtu avirudishe kwa kidole. Hatua ya nne, havirudi hata vikisukumwa.

Iko pia bawasiri ya nje, iliyo chini ya ngozi ya pembeni mwa mlango. Hiyo mara nyingine hushikwa na donge la damu iliyoganda. Mtu hupata uvimbe mgumu wa rangi ya samawati, unaouma sana kwa ghafla. Maumivu makali huwa katika siku mbili au tatu za kwanza, kisha hupungua kidogo kidogo. Mwenye uvimbe wa namna hiyo awahi kwa daktari katika siku hizo za mwanzo, maana ndipo kuutoa kunamfaa zaidi.

Wanachama wengi huchanganya bawasiri na ngiri. Ngiri ni uvimbe wa kinena au wa kitovu, ambapo utumbo hupenya kwenye ukuta wa tumbo. Ni ugonjwa mwingine na una matibabu mengine. Mtu akisema "nina ngiri ya nyuma", aelezwe tofauti hiyo, asije akapewa dawa isiyo yake.

Sasa tushike jambo moja, kwa sababu somo lote litalitegemea. Vifuko hivi huteremshwa na msukumo unaotoka tumboni. Lakini msukumo peke yake hautoshi kueleza mambo. Lazima tuulize pia: wakati wa msukumo huo, mlango ulikuwa umefungwa au ulikuwa wazi?

2. Gunia

Mtu anapoinua gunia, aghalabu huvuta pumzi, akaifunga kooni, akakaza tumbo. Tumbo hugeuka kama mpira uliojazwa upepo, na hilo husaidia mgongo kubeba. Msukumo ndani ya tumbo hupanda sana kwa muda huo mfupi. Damu iliyo katika mishipa ya chini huzuiwa kupanda, na mishipa ya sehemu hiyo haina vile vilango vidogo vya kuzuia damu isirudi chini, kama vilivyomo katika mishipa ya miguu. Kwa hiyo vifuko hujaa.

Ukiishia hapo utasema gunia ndilo lenye kosa. Lakini mwili una kinga yake. Mtu anapoinua kitu, au anapokohoa, misuli inayozunguka mlango wa haja kubwa hujikaza yenyewe bila kuamriwa, na misuli ya sakafu ya nyonga hukaza pia. Mlango hufungwa barabara. Vifuko vinasukumwa, ndiyo, lakini vinasukumwa kwenye mlango uliofungwa, na vimeshikwa kila upande.

Hii ndiyo sababu wako makuli waliobeba miaka ishirini na hawana bawasiri, na wako makarani waliokaa kitini miaka ishirini nao wanayo. Waganga waliochunguza jambo hili hawakupata jibu moja. Wengine waliona uhusiano kati ya kubeba na bawasiri, wengine hawakuuona. Kusema kwamba mzigo peke yake huzaa bawasiri kwa mtu mzima ni kusema zaidi ya kinachojulikana.

Hata hivyo, kwa mtu ambaye tayari anayo, mambo hubadilika. Vifuko vilivyolegea hadi hatua ya pili au ya tatu havikai tena mahali pake. Mlango ukikaza, huenda vifuko vikawa tayari vimo katikati yake au nje yake. Hapo kila gunia linavijaza damu, navyo haviwezi kuitoa kwa sababu vimebanwa. Mtu wa namna hiyo atakwambia mwenyewe: "Nikibeba, inatoka." Huyo mzigo unamzidishia, wala haigizi.

Namna ya kubeba nayo ina maana. Anayefunga pumzi tangu anainama mpaka anatua gunia huuweka msukumo muda wote huo. Anayetoa pumzi polepole wakati wa kuinuka huupunguza. Na anayepokea gunia begani kutoka kwenye jukwaa lenye kimo cha bega hukwepa ile sehemu iliyo mbaya kuliko zote, yaani kulitoa gunia chini.

3. Choo na simu

Tuje chooni. Hapa mlango umefunguliwa kwa makusudi. Misuli imelegea, sakafu ya nyonga imeteremka, na vifuko havina kinachovishikilia kwa chini. Sasa mtu akijikamua kwa nguvu kwa sababu choo ni kigumu, msukumo ni wa tumbo lilelile lililoinua gunia, lakini safari hii mlango uko wazi. Kinyesi kigumu nacho kinapita kikivikwaruza vifuko na kuvivuta kuelekea nje.

Kumbukeni tofauti hii: kwenye gunia unasukuma mlango ukiwa umefungwa, chooni unasukuma mlango ukiwa wazi. Ndiyo maana dakika chache za kujikamua chooni zinaweza kuleta madhara ambayo siku nzima ya kubeba haileti.

Simu inaingiaje? Simu haina sumu ya bawasiri. Kosa lake ni kwamba inamsahaulisha mtu kuinuka. Amemaliza haja yake, au ameona haiji, lakini anasoma habari, anatazama mpira, anajibu ujumbe. Kwenye choo cha kukalia, makalio yameshikwa na kiti pande zote, na katikati pako wazi. Sehemu ile inaning'inia, na damu inaendelea kujaa katika vifuko hata kama mtu hajikamui kabisa.

Mwaka 2025 waganga wa hospitali moja ya mji wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwauliza watu wazima 125, waliofika kupimwa utumbo mpana kwa kamera, juu ya mazoea yao ya chooni, kisha wakaangalia kwa kamera nani ana bawasiri. Watu wawili katika kila watatu walikuwa wakiingia na simu. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, unene, mazoezi na chakula, wenye simu walionekana kuwa na uwezekano wa bawasiri uliozidi wa wenzao kwa asilimia 46. Katika wenye simu, 37 kwa kila 100 walikaa zaidi ya dakika tano kila waendapo. Katika wasio na simu, 7 tu kwa kila 100.

Tusome hesabu hiyo kwa akili. Watu 125 ni wachache. Wote walikuwa na umri wa miaka 45 au zaidi. Tena uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja. Hauthibitishi kwamba moja limemzaa mwenzake. Huenda mtu mwenye bawasiri hukaa zaidi kwa sababu anaumwa, akachukua simu ya kumpa subira. Lakini matokeo yanakubaliana na tunayojua juu ya mlango ulio wazi, na dawa yake haina gharama: simu ibaki nje. Dakika tano zikipita na haja haijaja, inuka, fanya shughuli, urudi itakapokuita.

Wengi wetu tunatumia choo cha shimo, ambapo mtu huchuchumaa. Je, nasi tumo? Kuchuchumaa kuna faida yake. Mapaja yakipanda karibu na tumbo, njia ya haja kubwa hunyooka, na kinyesi hupita kwa urahisi. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2003, watu 28 wenye afya walipimwa kwa saa. Waliochuchumaa walimaliza kwa wastani wa sekunde 51. Walipokaa kwenye choo cha kukalia cha kawaida, sekunde 130. Faida ya pili ni kwamba miguu hufa ganzi, na ganzi humtoa mtu nje. Lakini anayejikamua huku amechuchumaa bado anajikamua. Choo cha shimo hakiwezi kulainisha choo kigumu. Naye anayetumia choo cha kukalia anaweza kuweka kigoda kifupi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga.

4. Unene

Tumbo kubwa ni mzigo usiotuliwa. Mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo huongeza msukumo kidogo, lakini hufanya hivyo mchana na usiku. Kwa nadharia, basi, unene unaweza kuzidisha bawasiri, na baadhi ya uchunguzi umeona hivyo. Uchunguzi mwingine haukuona tofauti kati ya wanene na wembamba. Katika mambo yetu matatu, hili ndilo lenye ushahidi uliolegea zaidi.

Mara nyingi unene unafuatana na mengine: kukaa kitako siku nzima, chakula cha unga mweupe na nyama bila mboga, kutotembea. Hayo ndiyo yanayofanya choo kiwe kigumu. Mnene anayekula maharage na mboga, anayekunywa maji na asiyekawia chooni, anaweza kuishi bila shida. Mwembamba anayekula ugali mweupe na chai tu ataumia. Kupunguza unene kuna faida kwa moyo, kwa magoti na kwa kisukari. Lakini asidanganywe mtu kwamba kilo kumi zikitoka, kifuko kilichokwisha kutokeza kitarudi ndani.

Kina mama wa mashambani wana jambo lao la ziada. Mimba huongeza msukumo tumboni, hulegeza nyuzi na hufanya choo kuwa kigumu, na kujifungua huvisukuma vifuko kwa nguvu. Wengi hupata bawasiri wakati huo, na kwa wengi hupungua baada ya kujifungua. Mama asiambiwe kwamba ni uzembe wake.

5. Tupige hesabu ya mtu mmoja

Tuchukue mfano wa mpakizi katika kiwanda cha kahawa hapa Uganda. Ana miaka 38, si mnene. Gunia la kahawa lina kilo 60. Lori la tani 12 linachukua magunia 200. Wapakizi ni wanne, basi kila mmoja anabeba magunia 50, yaani tani tatu kwa kila lori.

Kwa miezi mitatu ameona damu kila ajisaidiapo. Mwezi huu kitu kimeanza kutokeza, na akimaliza kinarudi chenyewe. Akibeba lori la pili anakisikia kimetoka tena. Amekwisha amua moyoni kwamba ni magunia, na kwamba ataacha kazi. Ana watoto wanne.

Mjumbe wa tawi anamwomba aieleze siku yake tangu asubuhi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakunywa chai ya rangi, anatoka mbio. Haja humjia saa tatu, akiwa kazini. Choo kiko mbali, na nyapara huhesabu anayetoka, basi anaizuia. Mchana anakula posho nyeupe na mchuzi, maharage machache. Maji hanywi, maana maji humpeleka chooni. Jioni anarudi kwenye nyumba za kampuni, na huko kuna choo cha kukalia. Huko ndiko anakopata nafasi. Anaingia na simu na kukaa dakika 25, akijikamua kila baada ya muda. Hapo ndipo damu hudondoka.

Haja iliyozuiwa tangu saa tatu asubuhi imekaa utumbo mpana siku nzima, na utumbo umeendelea kunyonya maji yake. Jioni imekuwa kama udongo wa kiangazi. Hakunywa maji ya kuilainisha, wala hakula nyuzinyuzi za kuyashika maji ndani yake. Basi anaikamua, mlango ukiwa wazi, dakika 25. Usiku vifuko vimevimba. Asubuhi vinapelekwa kwenye gunia. Gunia halikuanzisha jambo hili, lakini linalizidisha.

Mpango wake ni wa namna hii. Kwanza choo kilainike. Anaongeza maharage mpaka kikombe kizima kilichopikwa kila siku, ambacho peke yake kina nyuzinyuzi kama gramu 15, nusu ya zile 25 hadi 30 ambazo mtu mzima anahitaji kwa siku. Mboga za majani, viazi vitamu na papai hukamilisha. Anaongeza polepole kwa wiki mbili, la sivyo tumbo litajaa hewa. Anakunywa maji kazini, kidogo kidogo, tangu asubuhi. Pili, haja ikija saa tatu anakwenda saa tatu. Tatu, simu inabaki chumbani, na mwisho ni dakika tano. Nne, kwa wiki sita anaomba kazi ya kushona magunia au kupima mizani, kwa sababu yake inatoka akibeba. Akiumwa, anakalia maji ya uvuguvugu katika beseni dakika 10 hadi 15.

Atarajie nini? Choo hulainika kwa siku chache. Damu huhitaji wiki kadhaa. Mwaka 2005 waganga walikusanya majaribio saba, yenye wagonjwa 378, wakaona kwamba nyuzinyuzi zilipunguza kutoka damu kwa karibu nusu. Lakini kifuko kinachotokeza huenda kisiache kutokeza kwa chakula peke yake. Kama baada ya wiki sita bado kinatoka, aende hospitali yenye daktari wa upasuaji. Kwa bawasiri ya ndani ya hatua hiyo, daktari anaweza kufunga kipete kidogo cha mpira kwenye shina la kifuko. Kifuko hunyauka na kudondoka baada ya wiki moja hivi. Kazi hiyo haihitaji kulazwa kwa kawaida. Asikubali mtu wa mtaani amchome sindano au ampake dawa ya kuunguza. Dawa hizo zinaweza kuichoma njia ya haja kubwa, na kovu lake linaweza kuibana njia.

Kwa hiyo jibu la swali lake ni hili: asiache kazi. Abadilishe kwanza mambo ya choo, apunguziwe mzigo kwa muda, kisha aangalie.

6. Damu isiyo ya bawasiri

Hatari kubwa ya kulaumu gunia au simu ni kwamba mtu hutulia, akajua jina la ugonjwa wake kabla ya kupimwa. Si kila damu ni bawasiri.

Damu iliyochanganyika na makamasi, tumbo likisokota na choo kikiwa chepesi, huenda ni kuhara damu au amiba. Anayeishi au kuoga kwenye ziwa au mifereji yenye konokono huenda ana kichocho cha tumbo, na kichocho hupimwa kwa choo na hutibiwa kwa vidonge. Choo cheusi kama lami, chenye harufu kali, ni damu ya juu, ya tumbo lenyewe. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Choo kilichobadilika kikawa chembamba, au kufunga na kuhara kwa kupokezana kwa wiki nyingi, au kukonda bila sababu, au mtu kuhisi hajamaliza kila mara, ni dalili zinazotaka kuchunguzwa kama ni saratani ya utumbo. Mwenye zaidi ya miaka 45 anayeanza kutoka damu apimwe hata kama ana hakika ni bawasiri.

Na damu ndogo ya kila siku humaliza mtu. Kuli anayepauka viganja, anayetweta kwa magunia ambayo zamani hayakumtweteshi, apimwe wingi wa damu.

7. Hili lina nini na chama

Nyapara anaposema "ni simu zenu", ana kipande cha ukweli mkononi. Tusimkatalie hicho kipande. Tumwulize kilichobaki: kwa nini mtu mzima anaona choo ndicho mahali pekee pa kupumzika? Pasipokuwa na kibanda cha kukaa wala dakika kumi za mapumziko, watu watapumzika chooni, na simu watakuwa nayo. Kukataza simu bila kuweka mapumziko ni kufukuza moshi na kuuacha moto.

Kwa hesabu ya mfano wetu, mambo manne yako mikononi mwa mwajiri. La kwanza ni choo kilicho karibu, na ruhusa ya kwenda haja inapokuja. La pili ni maji ya kunywa mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamdai mwajiri vyoo na maji safi ya kunywa, basi hayo hatuombi fadhila. La tatu ni kazi nyepesi kwa muda kwa mwenye cheti cha daktari, bila kupunguziwa mshahara. Hili liandikwe katika mkataba wa pamoja, wala lisiachwe kwa huruma ya msimamizi.

La nne ni uzito wenyewe. Mwaka 1967 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, huko Geneva, ulipitisha Mkataba namba 127, usemao kwamba mfanyakazi asibebeshwe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kudhuru afya yake. Pendekezo namba 128 la mwaka huohuo likataja kilo 55 kuwa kikomo cha kufuatwa kwa mwanamume mzima, na kwamba kwa wanawake kiwe chini sana ya hapo. Pendekezo si sheria, lakini ni kipimo cha kuweka mezani. Gunia la kilo 60 limekipita. Likinyanyuliwa na watu wawili, au likipokelewa kutoka kwenye jukwaa, hoja hiyo inakuwa nyepesi.

Lakini tuwe wakweli tunapodai. Mjumbe akisimama mbele ya mwajiri na kusema "magunia yenu yamewapa watu bawasiri", daktari wa kampuni atamwuliza ushahidi, na hatakuwa nao wa kutosha. Akisema "mnawazuia watu kwenda haja, hamna maji, na mwenye bawasiri mnambebesha kilo 60", atakuwa amesimama mahali pagumu kupindua. Kwa mgongo, magoti na ngiri, hoja ya uzito ni nzito zaidi. Tuitumie huko kwa nguvu zake zote.

Maswali ya kujadili katika tawi

Kwa nini kujikamua chooni kunaweza kudhuru vifuko kuliko kuinua gunia, ingawa tumbo linakaza katika mambo yote mawili?

Kutoka mahali pako pa kazi hadi chooni ni hatua ngapi, na unaruhusiwa kutoka mara ngapi kwa zamu? Pimeni, muandike.

Mwenzenu anasema: "Yangu inatoka nikibeba." Mtamshauri afanye nini wiki hii, na mtamwombea nini kwa msimamizi?

Ni damu ya namna gani ambayo mtu asingoje wiki sita, bali aende hospitali mara moja?

Majibu ya swali la pili yaletwe kwa katibu wa tawi kwa maandishi, yakitaja sehemu ya kazi, bila majina ya watu.